Kipimo cha kaswende kimesoma tena, nichomwe sindano upya?

Wadau, nina mimba ya wiki 18. Kliniki, kipimo cha haraka cha kaswende kimesoma chanya. Mimba iliyopita, 2021, kilisoma hivyohivyo nikachomwa penisilini ya benzathini mara tatu, moja kila wiki, maana sikuwahi kuona kidonda wala vipele, hivyo haikujulikana ilianza lini. Najua kipimo hiki kinanasa kingamwili ambazo hubaki hata ukishapona. Kinachoshuka baada ya tiba ni kipimo kingine cha damu, RPR, na hapa kwetu hakipo. Nesi anataka kunichoma leoleo kumlinda mtoto. Mume wangu (aliyekimbia sindano 2021, msiniulize) anataka tusubiri RPR ya mjini, wiki mbili. Nichome kwanza? Na yeye nimpelekeje?