Naomba ushauri: chumba cha kurudishiwa pesa au cha kulipia kabisa?

Wakuu, naomba ushauri. Hoteli ya Nungwi, Zanzibar, usiku 4. Bei ya kulipa sasa bila kurudishiwa ni sh. 640,000, inayoruhusu kughairi bure ni sh. 800,000. Tofauti ni 160,000, yaani asilimia 20 ya bei kubwa. Kwa hesabu hiyo, uwezekano wa safari kuvunjika ukizidi 1 kati ya 5, ile ya bei kubwa ndiyo nafuu.

Kinachonitatiza ni tarehe. Kughairi bure kunaisha siku 7 kabla ya kufika, na jibu la likizo kazini litatoka siku 10 kabla. Zinabaki siku 3 tu. Jibu likichelewa, nimelipia urejeshwaji usio na kazi. Tena ile ya bei ndogo hairuhusu hata kusogeza tarehe, na ukipunguza usiku mmoja hurudishiwi kitu.

Nafikiria kushika ya kughairi, kisha likizo ikithibitika nihamie ya bei ndogo, nikithibitisha mpya kwanza ndipo nighairi ya zamani. Mnaoijua Nungwi, mwezi Agosti bei hiyo hubaki hadi siku 10 za mwisho?