Tupeane uzoefu: insha umeshaimaliza, halafu unaandika hoja ya kila aya upya kwa mfuatano. Ulikuta nini?

Msomi wa Usiku
Wadau salama? Nimekumbushwa na insha ya historia ya mdogo wangu, kwa nini mpango wa Waingereza wa kulima karanga Kongwa ulianguka. Lugha imenyooka, lakini lekchara kaandika pembeni "hoja yako haionekani", basi. Dogo kanuna, anasema hoja zimejaa. Nikamwambia chukua karatasi, kila aya iandikie sentensi moja tu, inasema nini, na uandike kilichopo siyo ulichokuwa unataka kusema. Nayaweka alivyoandika:

1. Baada ya vita Uingereza ilikosa mafuta ya kula.
2. Wakubwa walichagua Kongwa haraka bila kupima udongo na mvua.
3. Mashine nyingi zilikuwa mabaki ya vita, zikafa mapema.
4. Udongo ukikauka unakaza, karanga hazing'oki.
5. Bandari na reli vilijengwa Mtwara.
6. Mvua haikutosha.
7. Matrekta yalishindwa na mizizi ya mibuyu.
8. Mpango ulianguka kwa sababu uamuzi ulitangulia uchunguzi.

Akaisoma akanyamaza. Hoja ya insha nzima imejificha namba 8, msomaji anatembea gizani mpaka mwisho. Na 4 na 6 ni ushahidi wa 2 lakini mashine zimeingia katikati. Nyie mlikuta nini kwenye zenu?

Chumvi Nyingi
Aya ya 5 futa, haihusiani kabisa.

Bint Kusini
Haihusiani vipi kaka?? Bandari na reli vinajengwa kwa ajili ya mavuno ambayo hayajaonekana bado, huo si ndio uamuzi kutangulia uchunguzi wenyewe? Shida aya haijasema hivyo, imesema tu vilijengwa. Mwambie dogo aongeze sentensi ya kuifunga na hoja, asifute.

Chumvi Nyingi
Insha ya karanga, wewe unapeleka watu bandarini. Haya.

Fupi Tu
Mimi nafanya rahisi, nakopi sentensi ya kwanza ya kila aya napesti chini, dakika tano kazi imekwisha.

Msomi wa Usiku
@Fupi Tu hiyo inasaidia kama sentensi ya kwanza ndiyo yenye hoja. Aya ya 7 ya dogo inaanza "Mwaka 1947 kazi ya kusafisha pori ilianza", ukikopi hiyo unapata tarehe, mibuyu iko chini huko. Na usiandike neno moja pia, ukiweka "mvua" kila aya itaonekana nzuri, maana mvua haikanushiki. Iwe sentensi yenye kitenzi.

Mama Tasnifu
Mmenigusa pabaya. Sura yangu ya pili, mapitio ya maandiko, sapavaiza aliitazama, akaniomba niichapishe upande mmoja wa karatasi, nikadhani ameipenda. Nafika ofisini ana mkasi mezani. Akaikata mbele yangu aya moja moja kuanzia ukurasa wa kwanza, akazichanganya kama karata, akasema panga. Nikapanga nikijikaza nisilie. Akasema sasa nipe sababu kwa nini hii iko kabla ya hii, nikakosa, maana kila kipande kilikuwa "fulani alisema, fulani naye akasema", ungeweza kuzipanga vyovyote na hakuna ambaye angegundua. Akanipa kalamu nyekundu, niandike nyuma ya kila kipande MIMI nasema nini kupitia huyo fulani. Vingi vilibaki vyeupe. Vile vyeupe ndivyo nilivyokwenda kuandika upya, sura ikapungua karibu nusu

Kaka Msuli
Mkasi 😂😂😂 huyo mtu bado anafundisha?

Chumvi Nyingi
Huo ni unyanyasaji, angesema kwa mdomo.

Bint Kusini
Kwa mdomo asingeelewa. Ila dada pole sana.

Kaka Msuli
Sasa mimi mnanichanganya, autlaini si inaandikwa kabla? Nilifundishwa kidato cha tano, utangulizi, hoja sita, hitimisho.

Bint Kusini
Ya kabla ni unachopanga, hii ni ulichofanya kweli. Zote mbili ziweke pembeni pembeni uone ulipopotea njia. Mimi kipimo changu nikihitaji "na pia" kuandika hoja ya aya, aya hiyo ina mbili, naikata.

Fupi Tu
Siyo lazima, nyingine zinakaa vizuri zikiwa mbili, sababu na matokeo yake.

Mama Tasnifu
Ukishahamisha aya rudi uzisome miunganisho, mimi nilisahau "kama tulivyoona hapo juu" kwenye aya ambayo sasa ndiyo iko juu. Na hii njia haikuambii kama ushahidi wako ni wa kweli, orodha inaweza kunyooka kabisa na takwimu ndani zimeokotwa.

Msomi wa Usiku
Dogo ameipeleka 8 mbele, halafu 1, 2, 4, 6, na 3 na 7 amezifanya aya moja ya mashine. Ile ya 5 bado anabishana nayo, leo kaiweka baada ya 2, jana ilikuwa mwisho. Nyie mngeiweka wapi?

Chumvi Nyingi
Jalalani.