Chaja ya gari inakata katikati kila jioni, muuzaji na fundi wananizungusha (Namugongo)

Baba_Shamim ameanzisha uzi:

Wakuu, naandika nikiwa nimechemka. Nilinunua chaja ya ukutani ya gari la umeme, kilowati 7, mali ya Uingereza, muuzaji wa mjini Kampala akaniapia kwamba haina mpinzani. Ina wiki 5 gerejini. Katika wiki 5 hizo sijaamka hata siku moja nikakuta betri imejaa.

Mchezo wake ni huu. Nachomeka saa 1 jioni, taa ya kijani, gari linavuta vizuri. Ikigonga saa 2 kasorobo nasikia tak! ndani ya boksi, taa nyekundu. Dakika chache baadaye tak! kijani. Haikai, tak! nyekundu tena. Juzi nilichukua kiti nikaketi gerejini nikihesabu kama mwendawazimu: mara 11 kabla ya saa 4 usiku. Halafu ikatulia. Siku nyingine inagoma moja kwa moja hadi niizime na kuiwasha upya.

Muuzaji anasema kebo ya gari ni mbovu, ninunue nyingine (kwake, bila shaka). Nikaazima ya mwenzangu mwenye gari kama langu, tak tak ileile. Nikaleta fundi. Alikuja saa 4 asubuhi, akaweka mita, ikasoma 238, akasema umeme wangu ni safi kama maji ya chupa. Akang'oa breka ya 40 akaweka ya 63, akachukua 80,000 zake akaondoka. Jioni? Tak.

Sasa nampigia muuzaji, simu inaita tu. Nani amelogwa hapa, mimi au hii chaja?

Mkaazi_wa_Kira:

Pole sana ndugu. Hizo breka za siku hizi ni takataka. Yangu pia inaruka, hasa mvua ikinyesha. Nilihamisha pikipiki ya umeme ndani ya nyumba, nachaji kwa ekstensheni ya jikoni, sasa shwari.

Mama_Nuru:

Mkaazi, yako ni kesi nyingine kabisa. Inayoruka mvua ikinyesha kuna mahali maji yanaingia, soketi ya nje au waya uliochubuka, na RCD inakukinga usipigwe. Umeukimbia ugonjwa, hujautibu. Na hiyo ekstensheni ishike kwa mkono baada ya nusu saa, ukikuta ina joto chomoa.

Baba Shamim, nijibu mambo mawili kabla hujatukana mtu mwingine. Chaja ikikata, mkono wa breka kwenye bodi unaanguka chini au unabaki juu? Na je, umewahi kuunganisha chaja na simu uone inaandika nini?

Baba_Shamim:

Unabaki juu, breka haijawahi kuanguka hata mara moja. Simu sikuunganisha, muuzaji alisema haina haja. Ngoja nijaribu.

...Nimerudi. Orodha nzima ya jana ni neno moja: `PEN fault`. Ndiyo nini tena?

Mama_Nuru:

Basi breka hazihusiki na umetoa 80,000 bure. Kwanza mrudishe fundi aiweke ile ya 40 kesho. Breka inalinda waya. Kama gerejini kunakwenda waya wa milimita 6, breka ya 63 itaacha waya uive ndani ya ukuta bila kukata.

Hilo neno ni hivi. Kwa Waingereza nyumba nyingi zinachukua ethi kutoka kwenye nyutro ya kampuni ya umeme. Nyutro hiyo ikikatika huko barabarani, bodi ya gari inaweza kushika umeme na mtu aliyesimama chini akapigwa. Kwa hiyo chaja zao nyingi zinachungulia volteji: ikishuka chini ya 207 au ikipanda juu ya 253, zinakata ndani ya sekunde 5. Kwao 207 ni dalili ya hatari. Kwetu ni saa 2 usiku, watu wanapika na kupiga pasi.

Fundi wako alipima saa 4 asubuhi, gari halipo. Pima jioni, mara mbili, kwenye bodi na kwenye chaja: kwanza gari halivuti, kisha linavuta. Asiyejua kupima asifungue boksi, kaa na fundi.

Sebo_Stabilaiza:

Mama mbona unamzungusha mwenzako? Anunue stabilaiza ya kVA 10 mchezo uishe. Mimi nina moja ya friji tangu 2019.

Mama_Nuru:

Inaweza kusaidia, sikatai. Ila stabilaiza haiumbi umeme. Ikipandisha volteji upande wa chaja, inavuta ampea zaidi upande wa waya, na volteji ya waya ule inazidi kushuka. Ya friji ni kitu kimoja, ya ampea 32 usiku mzima ni kingine, na bei yake ni ya ng'ombe.

Baba_Shamim:

Nimepima na kijana wa jirani anayesomea umeme. Saa 2 na robo. Gari halivuti: 221 kote kuwili. Gari likivuta ampea 32: kwenye bodi 213, kwenye chaja 203. Nikaona kwa macho yangu, namba imeshuka, sekunde chache, tak! Namba ikapanda 221. Ndiyo maana inarudi yenyewe, jamani! Inajikata, volteji inapona, inajiwasha, inajikata.

Waya ni milimita 6, mita 42 kutoka bodi hadi gerejini. Nikibadilisha nikaweka wa milimita 10 nitapona?

Mama_Nuru:

Hesabu zako zinakubaliana. Waya wa 6 unapoteza kama milivolti 7.3 kwa kila ampea kwa kila mita. Mara 32 mara 42 ni volti 9.8. Umepima 10. Waya wako ni mzima, ni mwembamba tu kwa safari hiyo.

Wa 10 unapoteza 4.4, yaani volti 6 hivi. Toa kwenye 213 unapata 207. Umesimama ukingoni, jirani akiwasha jiko umeanguka. Pesa nyingi kwa volti 4. Na volti 8 nyingine zinapotea kabla ya bodi yako, huko hata ukizika waya wa dhahabu.

Jaribu cha bure: kwenye simu shusha ampea hadi 16. Upotevu wote unagawanyika nusu. Bodi 217, chaja 212.

Sebo_Stabilaiza:

Kwa ampea 16 gari litajaa Krismasi.

Baba_Shamim:

Nimefanya siku 4 sasa. Ampea 16, kilowati 3 na nusu hivi, kuanzia saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi inaingia kama uniti 30. Betri yangu ni ya 40 na siifikishi sifuri, kwa hiyo Krismasi yako imekuja mapema. Usiku mitatu haikukata. Jumamosi ilikata mara mbili. Nilipopima bodini, bila gari, ilikuwa 209. Breka ya 40 imerudi, fundi hakudai senti, alinikwepa macho tu.

Swali: kijana wa jirani anasema hiyo ya PEN inazimwa kwenye mipangilio ya fundi.

Mama_Nuru:

Baadhi ya chaja zinaruhusu, pale tu ambapo ethi ya chaja ni nondo yako mwenyewe ardhini na haijaungana na nyutro popote. Nondo hiyo lazima ipimwe kwa kifaa chake, na RCD ijaribiwe kwa kubonyeza kitufe na kwa mita. Kuona nondo imechomoza karibu na ukuta si ushahidi. Mimi kwa mbali siwezi kukwambia zima.

Baba_Shamim:

Nondo ipo nyuma ya tangi la maji, waya wake umeingia ukutani na sijui unatokea wapi. Natafuta mwenye kifaa cha kupima ethi, Namugongo hadi Kyaliwajjala. Na yule muuzaji bado hapokei.

Mkaazi_wa_Kira:

Ekstensheni ina joto.