Mahojiano 14 ya mama lishe: niishie hapa au niongeze 6?

Mchikichini: Wadau, nimewahoji mama lishe 14 kujua kwa nini bado wanapikia mkaa badala ya gesi. Manne ya mwisho sijasikia jipya, naona data imeshiba. Msimamizi anataka 20, na kuandika kila rekodi kunanila siku mbili. Nisimame?

BwanaDodoso: 14 ni wachache mno. Tumia Yamane, n = N/(1+Ne²). Mimi kwenye dodoso langu ilinipa karibu 400.

SomoTemeke: Hiyo ni ya kukadiria asilimia, mkuu, yeye anatafuta sababu. Simama. Guest na wenzake, 2006, walionyesha 12 wanatosha.

MzeeMisimbo: Hao 12 walitoka kwenye mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria waliofanana kwa kiasi kikubwa, kwa mwongozo mmoja wa maswali. Si kibali cha kila utafiti. Mchikichini, hao 14 umewapataje? Na umeshaweka misimbo, lebo ya kila hoja waliyoitoa?

Mchikichini: Vigezo: anauza chakula mtaani, ana mwaka au zaidi. Watatu niliwatafuta mwenyewe, 11 nimepelekwa na katibu wa kikoba chao, Buguruni. Misimbo bado, nina dondoo tu.

MzeeMisimbo: Basi kilichoshiba ni kikoba. Watu wanaokutana kila wiki na kukopeshana hela ya mtaji watakupa majibu yaleyale hata ukiwahoji 40. Ongeza wanne, lakini uwachague: wawili waliowahi kununua mtungi wakarudi kwenye mkaa, na wawili wanaonunua mkaa kwa gunia, maana hesabu yao si ya mwenye kununua kwa kopo.

Halafu weka misimbo kwa mpangilio uliohoji. Tuseme manne ya kwanza yamekupa misimbo 30. La 5 na la 6 yakileta mipya 3, ni asilimia 10, hujafika. Sogea, la 6 na la 7, hivyohivyo. Jozi ikileta mmoja tu, uko chini ya asilimia 5, kizingiti cha Guest, Namey na Chen, 2020. Ila wale wanne wakikuletea misimbo mipya mitatu, ujue ule utulivu wa mwanzo ulitokana na katibu.

SomoTemeke: Nakubali kuhusu katibu. Lakini wanne kwa makundi mawili, wawili wawili, si wachache?

Tabata_Segerea: Mnahesabu misimbo tu. Hennink na wenzake, 2017, kwenye mahojiano 25: misimbo ilitulia kwenye la 9, lakini kuielewa maana yake kulihitaji 16 hadi 24. "Gesi ghali" utaisikia siku ya kwanza. Kama ughali ni bei ya mtungi au ni kutoa hela yote kwa mkupuo, hapo unahitaji wengi zaidi.

BwanaDodoso: Kwani kopo la mkaa Buguruni sasa bei gani?

Mchikichini: Inategemea ukubwa wa kopo, mkuu, na wenyewe wanalalamika limepungua. Mzee, waliorudi kwenye mkaa nawapata wapi bila katibu?

MzeeMisimbo: Anza na wauza mitungi. Wanawajua walioacha kujaza.