Tupeane uzoefu: kidevu cha pili kilichosababishwa na kamera ya chini

FundiMwanga: Tuanze na picha inayosumbua kila msimu wa harusi. Bibi harusi ameketi jukwaani, mpiga picha yuko chini ameinua kamera. Kidevu kiko karibu na lenzi kuliko paji la uso, kwa hiyo taya linavimba. Kabla ya kugusa Liquify ya Photoshop, mimi hufungua Camera Raw, kwenye Geometry, na kuvuta Vertical upande wa hasi, kama -8 hadi -12. Juu panapanuka, chini panabanwa, uso unarudia uwiano wake. Pembe mbili za chini zitabaki tupu na itabidi kukata, kwa hiyo picha iliyobana mikono pembeni itakupa taabu.

MamaSalha: Liquify nayo inatosha, mradi utumie brashi kubwa na usivute sana.

FundiMwanga: Shingo ikiwa wazi, nakubali. Ila harusini kuna mkufu na mtandio. Ukisukuma taya juu, shanga zilizo karibu nalo zinatoka umbo la yai huku za begani zikibaki duara, na pindo la mtandio linapinda pasipo sababu. Hapo ndipo mteja anapojua picha imechezewa.

JumaTanga: Yangu ni selfie. Nimefika hadi -30, kidevu bado kipo, na sasa paji limekuwa refu.

FundiMwanga: Vertical inageuza picha kama karatasi bapa, haikipeleki kichwa upande mwingine. Ngozi ya chini ya kidevu na matundu ya pua, kamera ilishaviona. Paji likianza kurefuka, umepita kiasi. Kwa selfie, egemeza simu mahali kwenye usawa wa macho, kaa kama mita moja na nusu, kisha ukate picha.

Zuhra_K: Baada ya hapo kivuli ndicho kinachomaliza kazi. Weka leya ya Curves, shusha katikati kidogo, ibadilishe iwe Luminosity, geuza maski iwe nyeusi kwa Ctrl+I. Chukua brashi nyeupe laini, Flow 5%, upake chini ya mstari wa taya kutoka sikioni hadi kidevuni. Usivuke mstari wenyewe, maana ukingo wake mkali ndio unaotenganisha uso na shingo. Ukiiacha Normal, ngozi nyeusi inaingia wekundu na shingo inaonekana si ya mtu yule yule.

MamaSalha: Mwanga ukitoka chini je? Meza za ukumbini zina vitambaa vyeupe.

Zuhra_K: Kivuli kizito hapo kitafanana na ndevu. Punguza tu mng'ao ulio juu ya mkunjo wa chini ya kidevu, uache mengine.

FundiMwanga: Mimi hapo huiacha shingo kabisa, nikaongeza mwanga kidogo mashavuni na pajini.

Zuhra_K: Gauni jeupe likiwa karibu na uso, uso utafifia. Bado nashika mkunjo.