MREJESHO: Masurufu yaliyopungua 12,000

Niliuliza: "Masurufu yetu ni 200,000. Kitabu kinaonyesha malipo ya 126,500, kasha lina 61,500. Jumla 188,000. Nianzie wapi?"

Wakuu, asanteni sana. Nilimfuata aliyesema niweke kitabu pembeni nijumlishe vocha zenyewe. Tulihesabu fedha upya mbele ya mtunza kasha, naye akasaini karatasi ya hesabu. 61,500 ikabaki ileile. Vocha, hata hivyo, zilileta 135,500. Kumbe vocha ya vifaa vya usafi ya 32,000 iliingizwa kitabuni kama 23,000, na hapo 9,000 ikapatikana. (Aliyesema tofauti ya tarakimu zilizogeuzwa hugawanyika kwa 9, heshima yako! Ila 12,000 yangu haikugawanyika, kwa sababu ilibeba makosa mawili.)

Ikabaki 3,000, na hiyo sijaipata. Nilipanga vocha kwa namba, nikakuta 046 inafuatwa na 048. Mtunza kasha anasema ilikuwa nauli, lakini hakuna stakabadhi wala saini ya aliyepokea. Mmoja wenu alishauri tuandike vocha mpya ya 047. Huo ushauri sikuufuata, maana hesabu ingelingana huku ushahidi haupo.

Meneja ameidhinisha 3,000 iingie kwenye akaunti ya upungufu wa fedha. Kasha limeongezwa 138,500: vocha 135,500 na upungufu 3,000, tumerudi 200,000. Nauli ikithibitishwa, tutaihamishia kwenye akaunti yake.