Mrejesho: chati ya mvua ya Kisumu
Niliuliza: “Nina picha ya PNG ya chati ya mvua yenye maandishi ya Kiingereza. Nitawekaje Kiswahili bila kugusa nguzo zenyewe?”

Wakuu, asanteni, kazi imekwisha. Nilitumia GIMP, programu ya kuhariri picha. Kwanza niliharibu: niliziba “Rainfall (mm)” kwa kiboksi cheupe, kumbe mandhari ya chati ni kijivu hafifu, kiraka kikaonekana waziwazi. Safari ya pili nilichota rangi pembeni mwa herufi, nikapaka, kisha nikaandika “Mvua (mm)” kwenye tabaka jipya. Namba za mhimili sikuzigusa, na milimita zimebaki milimita.

Kwenye ufunguo, kijana aliyenisaidia aliandika “Mvua ndefu” kwa “Long rains”. Nikabadilisha: Masika, na “Short rains” ikawa Vuli. Vibandiko vya rangi viliachwa palepale. Ukivisogeza, masika yatavaa rangi ya vuli na mkulima wa mpunga kule Ahero atapotoshwa.

Kilichonifurahisha zaidi ni ukaguzi. Niliweka picha ya awali juu ya mpya, nikachagua hali ya tabaka `Difference`, inayoonyesha tofauti za picha mbili. Palipofanana pote huwa peusi tii, kwa hiyo maandishi tu ndiyo yanapaswa kung'aa. Basi kwenye nguzo ya Aprili nikaona mstari mwembamba: brashi ilikuwa imekata ncha yake! Nikairudisha kutoka picha ya awali, nikahifadhi kwa PNG. JPEG ingeongeza madoadoa kila mahali na ukaguzi ungenichanganya.